Wiki nane kabla ya jukwaa: punguza seti, usipunguze kilo

Mwaka 2013 mtafiti Lindy Rossow na wenzake walichapisha kumbukumbu za mtunisha misuli mmoja asiyetumia dawa, waliyemfuatilia kwa miezi 12: sita ya kujiandaa kwa mashindano na sita ya kurudi katika hali ya kawaida. Katika miezi ya maandalizi mafuta ya mwili wake yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Moyo wake, akiwa ametulia, ulikuwa ukipiga mara 53 kwa dakika. Siku za mwisho ulipiga mara 27. Testosteroni ilibaki robo ya ile aliyoanza nayo. Nguvu zake za kunyanyua vyuma zilipungua, na furaha pia.

Mtu huyo hakuwa mgonjwa. Alikuwa mwanamichezo wa miaka ishirini na kitu, mwenye kujua anachokifanya, na baada ya mashindano vipimo vyake vingi vilirudi. Lakini namba hizo zinaonyesha ni mwili wa aina gani unaopangiwa mazoezi wiki za mwisho. Ni mwili uliopunguza kasi kila mahali ulipoweza. Anayepanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa kawaida hulisahau jambo hilo, kwa sababu anachokiona kwenye kioo ni mafuta yaliyobaki kiunoni na siku zinazokwisha. Basi anaongeza. Anaongeza seti, anaongeza dakika za kadio, na mara nyingi anafanya kosa la tatu: anashusha vyuma vizito na kuanza kunyanyua vyepesi kwa marudio 20 au 25, akiamini kwamba uzito mwepesi ndio unaochora mwili.

Imani hiyo nimeikuta katika kila jimu niliyowahi kuingia, na ina chanzo kinachoeleweka. Programu nyingi za maandalizi zinazozunguka mitaani zimetoka kwa watu wanaotumia homoni. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake walionyesha tofauti ilivyo kubwa. Waliwapa wanaume testosteroni ya miligramu 600 kila wiki kwa wiki 10, wengine wakapewa dawa isiyo na kitu. Waliopata homoni bila kufanya mazoezi yoyote waliongeza wastani wa kilo 3.2 za mwili usio na mafuta. Waliofanya mazoezi bila homoni waliongeza kilo 1.9. Mwenye homoni ana mlinzi wa misuli ndani ya damu yake. Anaweza kunyanyua vyepesi, kukimbia asubuhi na jioni, kula kidogo, na bado nyama ikabaki. Mashindano ya asilia, ambayo washindani wake hupimwa mkojo na katika baadhi ya mashirikisho hukalishwa kwenye kipimo cha kutambua uongo, ni ya watu wasio na mlinzi huyo. Kwao kinachoilinda misuli ni protini ya kutosha na vyuma vizito.

Mwili unaolishwa pungufu kwa miezi hufanya kama nyumba iliyopungukiwa kipato: huanza kufuta matumizi yasiyo na sababu. Misuli ni matumizi makubwa. Sababu ya kuibakiza ni kwamba kila wiki bado inatakiwa kubeba mzigo uleule mzito. Ukiuondoa mzigo huo, umeondoa sababu.

Hapa ndipo tofauti kati ya wingi wa mazoezi na uzito wa mazoezi inapohitaji kueleweka vizuri. Wingi ni idadi ya seti ngumu ambazo kila sehemu ya mwili inapata kwa wiki. Uzito ni kilo zilizo kwenye chuma. Viwili hivi havichoshi mwili kwa namna moja, wala havina kazi moja. Kujenga misuli mipya kunadai wingi mkubwa. Kuibakiza iliyopo kunadai kidogo mno, mradi kilo zisishuke. Bickel na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2011: watu walifanya mazoezi ya mapaja kwa wiki 16, kisha wingi ukapunguzwa hadi theluthi moja, na kwa kundi jingine hadi moja ya tisa, kwa wiki 32 zaidi. Vijana katika makundi yote mawili walibaki na ukubwa wa misuli walioupata. Watu hao walikuwa wanakula kawaida, kwa hiyo matokeo yao hayawezi kubebwa yote na kuwekwa juu ya mtu mwenye njaa. Lakini mwaka 2023 Roth na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume waliozoea vyuma kwa wiki 6, wengine wakifanya seti nyingi na wengine chache, na makundi hayakutofautiana katika misuli iliyobaki. Kwa hiyo seti ni kitu unachoweza kukipunguza bila hofu kubwa mwili unapodai. Kilo ni kitu cha kukipigania.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Ni kijana wa miaka 29, anafanya kazi ya kukaa mezani, na haya ni mashindano yake ya kwanza. Alianza maandalizi akiwa na kilo 84. Sasa zimebaki wiki 8 na ana kilo 77. Kiuno chake kwenye kitovu ni sentimita 80. Anafanya vyuma siku 5 kwa wiki, na kila sehemu kubwa ya mwili inaguswa mara mbili. Mapaja ya mbele yanapata seti 16 kwa wiki, mgongo 18, kifua 14. Zoezi lake la kupimia ni kuchuchumaa akiwa na chuma mabegani: kilo 110, seti tatu, marudio 8, 7 na 6. Kadio yake ni kutembea kwa kasi kwenye mashine iliyoinuliwa mbele, dakika 30, mara 4 kwa wiki. Nje ya hapo anatembea hatua 10,000 kwa siku, na simu yake inazihesabu.

Kabla ya kwenda mbele, tuangalie kadio hiyo inafanya nini hasa. Mtu wa kilo 77 akitembea hivyo kwa nusu saa anachoma takriban kalori 180 juu ya zile ambazo angechoma akiwa amekaa. Mara 4 kwa wiki ni kama kalori 720. Kilo moja ya mafuta ina kalori 7,700 hivi. Ina maana kadio yake yote ya wiki inaondoa chini ya gramu 100 za mafuta. Akiogopa na kuifanya iwe mara 8 kwa wiki, atakuwa ameongeza gramu 100 nyingine tu, kwa bei ya saa mbili za ziada za uchovu kwenye miguu inayotakiwa kubeba kilo 110. Sisemi kwamba kadio haina maana. Gramu hizo kwa wiki 20 zinafika kilo mbili, na kwa mtu mwembamba kilo mbili ni nyingi. Ninachosema ni kwamba kadio hufanya kazi kwa muda mrefu, na anayeikimbilia wiki tatu za mwisho kwa matumaini ya kufidia mafuta aliyoyaacha mwezi wa kwanza amechelewa. Kama mafuta ni mengi mno wiki ya 4, jawabu la kweli ni kutafuta shindano la mbele zaidi.

Wiki ya 6 kijana wetu anakwama. Wastani wa uzito wake wa asubuhi umesimama kwenye kilo 76 kwa siku 10. Hapa karibu kila mgeni wa jukwaa huongeza kadio siku hiyohiyo. Kocha mzuri huuliza kwanza hatua. Anafungua simu: zilikuwa 10,000, sasa ni 7,000, na yeye mwenyewe hakujua. Hakuamua kukaa, mwili umemkalisha. Anapanda lifti, anamtuma mdogo wake dukani, anasimama kidogo na kuegemea ukuta. Jambo hili lilionekana tangu utafiti wa njaa wa Minnesota wa 1944 hadi 1945, ambapo wanaume 36 walilishwa pungufu kwa miezi sita chini ya uangalizi wa Ancel Keys: walianza kujivuta, na kila mwendo usio wa lazima ukatoweka. Hatua 3,000 kwa kijana wetu ni takriban kalori 100 kwa siku, yaani 700 kwa wiki. Ni sawa na kadio yake yote. Alikuwa anaichuma jimu na kuipoteza ofisini.

Marekebisho basi ni kurudisha hatua, kwa kutembea dakika 10 baada ya kila mlo, na kusubiri siku 7 kabla ya kugusa kitu kingine. Katika siku hizo kiuno ndicho kinachosema kweli kuliko mizani. Mtu aliyechoka na kukosa usingizi hushika maji, na maji hayo huweza kuficha kwenye mizani mafuta yaliyoondoka kwa wiki mbili nzima. Kama mizani imesimama lakini kiuno kimeshuka sentimita moja, hakuna kilichokwama. Vyote viwili vikisimama kwa siku 10 hadi 14 huku hatua na chakula vikiwa kama vilivyopangwa, hapo ndipo nusu saa moja au mbili za kadio zinapoongezwa. Kijana wetu anafikia 6 kwa wiki ifikapo wiki ya 5, na hiyo ndiyo kilele chake.

Aina ya kadio nayo ina uzito wake. Tangu mwaka 1980, Robert Hickson alipowafanyisha watu vyuma na mazoezi ya pumzi kwa pamoja kwa wiki 10 na kuona nguvu zao zikikwama kisha kushuka kuelekea mwisho, inajulikana kwamba viwili hivi hugombana vikiwa vingi. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2012 ukaonyesha kwamba kukimbia kunagombana na misuli ya miguu kuliko kuendesha baiskeli. Kila hatua ya mkimbiaji ni pigo ambalo paja linalipokea. Kwa hiyo wiki za mwisho kijana wetu hakimbii kabisa. Anatembea mlimani kwenye mashine, au anakaa kwenye baiskeli, kwa kasi ambayo bado anaweza kuongea sentensi nzima. Mbio fupi za nguvu, zile za sekunde 30 kwa roho yote, ameziacha tangu wiki ya 8, kwa sababu zinachosha miguu kama seti za vyuma huku hazihesabiwi kama seti. Na kadio anaifanya baada ya vyuma au saa nyingine ya siku, kamwe si kabla.

Wiki ya 5 linakuja tatizo la pili, na ndilo muhimu kuliko yote. Jumatatu ya kwanza kilo 110 zinakwenda marudio 6, 5 na 4. Jumatatu inayofuata ni yaleyale. Anaamka saa tisa usiku bila sababu. Magoti yanauma akipanda ngazi. Siku moja mbaya haina maana yoyote. Hata mtu aliyeshiba huwa nayo. Lakini zoezi la kupimia likishuka marudio mawili au zaidi mara mbili mfululizo, na usingizi ukavurugika pamoja nalo, mwili unasema haupati nafuu kati ya mazoezi.

Mgeni husikia ujumbe huo na kuelewa kinyume: anadhani amelegea, anaongeza seti. Au anashusha chuma hadi kilo 80 na kufanya marudio 20 ili asione aibu ya kushindwa. Kijana wetu anafanya hivi. Mapaja yalikuwa seti 16, zinakuwa 10. Zinazokatwa ni zile za mwisho wa zoezi, za mashine ya tatu na ya nne, zilizokuwa zinafanywa akiwa tayari ameishiwa. Mgongo unatoka 18 hadi 12, kifua kutoka 14 hadi 9. Siku za vyuma zinakuwa 4. Kilo 110 zinabaki palepale, ila anaacha akiba: anasimama akijua bado angeweza kufanya marudio mawili zaidi. Kuendelea hadi kushindwa kabisa anakuacha kwa mazoezi madogo tu ya mikono na mabega, ambako kushindwa hakugharimu sana.

Baada ya siku 10 anarudi kwenye 7, 6 na 6. Hazikurudi zote, na haifai kutarajia zirudi. Uzito wa mwili wake mwenyewe umepungua kilo 9 tangu aanze, kiwiliwili kimekuwa chembamba, na katika kuchuchumaa hata unene wa tumbo ulikuwa unamsaidia kujikaza. Kushuka kwa asilimia 5 hadi 10 katika mazoezi ya mwili mzima ni jambo la kawaida. Kinachotia wasiwasi ni kushuka kwa kasi, na hasa kushuka katika mazoezi yasiyohusiana sana na uzito wa mwili, kama kuvuta nyaya kuelekea kifuani ukiwa umekaa. Kama mgongo wa chini umechoka kiasi kwamba kuchuchumaa kunamtisha, anahamia mashine ya kusukuma kwa miguu, na kilo nzito zinaendelea huko. Kinachohitajiwa ni mzigo mzito juu ya paja. Chuma cha mabegani ni njia mojawapo tu ya kuupata.

Kuna kazi moja ambayo karibu hakuna mgeni anayeihesabu: pozi. Kukaza misuli yote na kushikilia kwa sekunde 20, kisha kugeuka na kushikilia tena, ni mazoezi halisi. Majaji huweza kuwasimamisha washindani kwa dakika kadhaa wakilinganisha, na anayetetemeka mapaja huonekana. Kijana wetu anafanya dakika 15 za pozi kila siku kuanzia wiki ya 8, na kuanzia wiki ya 4 dakika 25. Kwa maoni yangu hizo ndizo dakika zenye faida kubwa kuliko zote za kadio alizonazo, na zinastahili kupewa nafasi kwa kukata seti mbili tatu mahali pengine. Mapaja hayo yanayotetemeka wakati wa pozi ni yaleyale yaliyopaswa kupumzika.

Ikifika wiki ya 3 ana kilo 74.4 na kiuno sentimita 76. Mistari ya paja inaonekana akiwa amesimama bila kukaza. Hapa kadio inaanza kushuka badala ya kupanda: kutoka mara 6 hadi 4, na wiki ya 2 hadi 3, huku wali au viazi vitamu kidogo vikiongezwa. Hatua hiyo huwaogopesha watu, lakini ndiyo inayouondoa uchovu na yale maji ya uchovu, na mara nyingi mwili huonekana mkavu zaidi kuliko ulipokuwa ukisukumwa. Aliyechelewa hana anasa hii; analazimika kuchoma hadi siku za mwisho na kufika jukwaani akiwa bapa na macho yameingia ndani. Ndiyo maana makocha wenye uzoefu hupanga mtu awe tayari wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe.

Wiki ya mwisho haijengi chochote. Shindano ni Jumamosi, kwa hiyo miguu inafanyiwa vyuma mara ya mwisho Jumatatu, seti 6 tu. Sababu ni ya kimwili kabisa. Misuli iliyoumia kutokana na mazoezi huvimba kidogo, na uvimbe hufuta mistari. Tena haiwezi kuhifadhi glaikojeni, yaani wanga wa akiba, kama misuli iliyopona. Kila gramu ya glaikojeni hukaa ndani ya misuli pamoja na takriban gramu 3 za maji, na huo ndio ujazo anaoutaka. Jumanne na Jumatano anapitia mwili wa juu kwa nusu ya seti za kawaida, kwa marudio 12 hadi 15, akiwa mbali na kushindwa. Hii ndiyo wiki pekee ambayo uzito mwepesi una haki yake, kwa kuwa siku tano hazitoshi kupoteza misuli. Kadio ya mwisho ni Jumatano, dakika 20. Alhamisi na Ijumaa ni pozi kidogo na kutembea. Maji anakunywa kama kawaida. Kuyakata hunyonya misuli ileile inayotakiwa kujaa, na vidonge vya kukojoza, mbali na kupigwa marufuku katika mashindano ya asilia, vimewahi kuua watunisha misuli.

Dalili nyingine zinapita mamlaka ya kocha na kumhusu daktari: kuzimia, moyo kuruka mapigo, maumivu ya kifua. Kwa mwanamke, hedhi kukatika ni ishara ya kupunguza kadio na kuongeza chakula mapema, hata kama jukwaa liko karibu. Mwanamke mmoja asiyetumia dawa, ambaye kisa chake kilichapishwa mwaka 2016, alisubiri wiki 71 baada ya mashindano kabla hedhi yake kurudi.

Jumatatu baada ya shindano kijana wetu hapandi kwenye mashine, lakini anaendelea kutembea hatua 8,000, kwa kuwa njaa itakuwa kali kuliko wakati wowote na mwili bado unachoma kidogo. Vyuma anavirudia kwa seti zilezile 10 za mapaja, kisha anaongeza seti moja au mbili kila wiki kadiri usingizi na nguvu vinavyorudi. Yule mtu wa mwaka 2013 alirudisha testosteroni na mafuta ya mwili ndani ya miezi 6. Nguvu zake, mwisho wa miezi hiyo, zilikuwa bado hazijarudi zote.